Chakula usichokijua hakina "wanga sifuri": maswali ya wanaochoma insulini ya mlo

"Nimealikwa, nimeambiwa jina la chakula tu. Kwenye daftari niandike nini?"

Andika makisio, kisha uyasahihishe sahani ikifika. Katika jina tafuta mambo matatu: cha wanga ni kipi (wali, tambi, viazi, mkate), cha protini ni kipi, na kimepikwaje. Kama wanga umetajwa, anza na kikombe kimoja kilichopikwa, yaani kiasi cha ngumi yako. Wali au tambi za kikombe kimoja zina wanga wa gramu 45 hivi. Nyama au samaki, weka kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, kama gramu 100. Mafuta ndiyo yanayosahaulika kila siku: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu 14, na hakionekani kwenye sahani.

"Si salama zaidi nikiandika sifuri, nisichome, halafu nione?"

Hapana. Nakutana na daftari za namna hii kila wiki: wiki nzima namba zimepangika vizuri, halafu mlo mmoja, "sikijui, 0", na kipimo cha usiku kinasoma 19 mmol/L. Sifuri ni jibu la chakula ambacho jina lake linakuambia hakina wanga, kama samaki wa kuchoma asiye na unga wala mchuzi mtamu. Kutojua hakugeuzi tambi kuwa samaki.

"Lakini nikikosea nikachoma nyingi, sukari si itashuka?"

Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana nimesema uanze na kikombe kimoja, si viwili. Kisia upande wa chini, choma kwa makisio hayo, pima baada ya saa mbili. Ukikuta chini ya 4 mmol/L, au unatetemeka na jasho linakutoka, kunywa papo hapo kitu chenye sukari ya gramu 15, pima tena baada ya dakika 15. Makisio ya chini yanarekebishika. Sifuri haikukisia chochote, na bado hapana, sifuri si tahadhari.

"Nipe mfano mmoja nielewe."

Dada mmoja aliambiwa chakula ni "kuku wa krimu na tambi". Hajawahi kukila. Tambi, kikombe kimoja: wanga gramu 45. Kuku wa kiganja pamoja na protini kidogo iliyomo kwenye tambi: karibu gramu 40. Neno "krimu" likamwonya kuhusu mafuta, akaweka gramu 25. Gramu ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, ya mafuta 9, kwa hiyo jumla ni kama kalori 565.

Sahani ilipofika, tambi zilikuwa ngumi mbili. Akafuta 45, akaandika 90. Kliniki ilimpangia yuniti 1 kwa kila gramu 15 (kipimo chake huyo, si chako), basi zikatoka yuniti 6 badala ya 3. Angechoma nyumbani kwa kutegemea jina, angechoma nusu. Na kama chakula kingechelewa barabarani, nadhani unaona balaa lenyewe. Jina ni la kujiandaa. Sindano ingoje sahani.

"Nilipima baada ya saa mbili ikawa sawa, usiku ikapanda. Nilikosea hesabu?"

Pengine hesabu ilikuwa sahihi. Mafuta mengi huchelewesha chakula tumboni, kwa hiyo wanga wa sahani ya krimu au ya kukaanga unaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya saa tatu, nne. Jina likiwa na mafuta, pima tena kabla ya kulala. Ila usirundike sindano: ile ya kwanza bado inafanya kazi kwa takribani saa nne. Ya nyongeza iwe kwa maelekezo uliyopewa kliniki.

"Na kama jina lenyewe silielewi hata neno moja?"

Muulize aliyepika: kuna wanga gani, kimekaangwa, kimetiwa sukari? Huna wa kumuuliza, weka gramu 45 kwa sahani ya mchanganyiko, na kipimo cha saa mbili kisikose.

"Basi siku kama hiyo niache insulini zote, nianze upya kesho?"

Hapana, hapana, hapana! Ile ya muda mrefu haihusiani na mlo. Inachomwa hata usipokula. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha, sumu ya ketoni hujijenga ndani ya saa chache. Sukari ikiwa juu, ukatapika, tumbo likauma, au pumzi ikawa ya kasi na nzito, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi, na usingoje kwanza kujua ulikula nini.