Bw. si Mr: dhana potofu kuhusu nukta na vyeo vya heshima katika salamu

Wiki jana mteja alinirudishia barua za mwaliko nilizokuwa nimemhariria. Kila penye "Bw." aliizungushia nukta kalamu nyekundu, na pembeni akaandika: "Kosa. Mr haina nukta." Huyo ni wa tatu mwaka huu kunifundisha hivyo. Wote watatu wanaandika Kiingereza safi, na nadhani ndiko kosa linakotoka: wamechukua kanuni ya Kiingereza, tena nusu yake, wakaivisha Kiswahili. Nimeamua kuijibu hoja hii kwa urefu.

Waingereza wana vifupisho vya aina mbili. Ukiondoa herufi za katikati ukabakiza ya kwanza na ya mwisho, huweki nukta. Mr ni Mister, na r ya mwisho ipo. Dr ni Doctor, r ya mwisho ipo. Lakini neno likikatwa mkia, nukta inawekwa kuonyesha kwamba kuna kitu kimebaki nyuma, ndiyo maana Profesa wao ni Prof. na kasisi ni Rev. Wamarekani hawajali tofauti hiyo, wao huweka nukta kote: Mr., Dr., Prof. Kwa hiyo hata huko Kiingereza kwenyewe, anayesema "Mr haina nukta" anasema mtindo wa upande mmoja tu.

Sasa vipime vifupisho vyetu kwa kanuni hiyo hiyo ya Waingereza. Bwana huishia kwa a. Kwenye Bw hiyo a iko wapi? Haipo, mkia umekatwa, kwa hiyo nukta inatakiwa. Daktari huishia kwa i, lakini Dkt imeishia kwa t. Mheshimiwa imebaki Mhe, Mwalimu imebaki Mwl, Mchungaji imebaki Mch. Hakuna hata kimoja kilichohifadhi herufi yake ya mwisho. Mwenye kuifuata kanuni ya Mr kwa uaminifu anapaswa kuviwekea vyote nukta. Yaani mteja wangu alitumia kanuni sahihi kufikia jibu lililo kinyume chake.

Kifupisho kimoja tu ndicho chenye utata, nacho ni Bi. Bibi huishia kwa i, na Bi pia huishia kwa i, kwa hiyo unaweza kusema herufi ya mwisho ipo. Isitoshe, Bi imekwishakuwa neno linalojitegemea. Tunasema bi harusi, tunasema bi mkubwa, na hakuna anayeweka nukta hapo. Ukishikilia kanuni ya Waingereza hadi mwisho, utaandika "Bw. Otieno na Bi Wanjiru" katika mstari mmoja, na kila msomaji ataona umesahau nukta moja. Kanuni inayokuletea mstari kama huo haikutungwa kwa ajili ya lugha hii.

Je, kuna jibu moja sahihi? Hakuna. Anayetaka ushahidi hahitaji kutoka katikati ya jiji la Nairobi. Kumbukumbu rasmi za Seneti, pale seneta anapochangia kwa Kiswahili, huandikwa "Bw. Spika", na nukta yake. Gazeti la Taifa Leo, ambalo nyumba yake iko Kimathi Street, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Bungeni, huandika "Bw", "Bi" na "Dkt" bila nukta. Hakuna aliyekosea kati yao. Kila mmoja amechagua mtindo na anaushika ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kosa ni kuchanganya.

Na kuchanganya ndiko ninakokuona kila siku. Mwaka jana nililetewa orodha ya wageni 160 wa sherehe ya chuo kimoja. Majina yalikuwa yamekusanywa na makarani watatu, kila mmoja na mkono wake, kisha barua zikachapishwa kwa kuunganisha orodha ya Excel na kiolezo cha Word. Niliitwa barua zilipokwisha kuchapishwa. Ya kwanza niliyoishika ilianza "Kwa Bw.. Otieno," yenye nukta mbili. Ya pili, "Kwa Mr. Kamau,". Ya tatu, "Kwa . Wanjiru,". Nilikaa na hiyo ya tatu muda mrefu. Mama wa watu anafungua bahasha, pale penye heshima yake anakuta nukta peke yake.

Chanzo kilikuwa kimoja. Mtu aliyetengeneza kiolezo aliweka nukta yake ndani ya kiolezo, baada ya nafasi ya cheo. Karani wa kwanza alikuwa ameandika "Bw" bila nukta, barua zake zikatoka sawa. Wa pili aliandika "Bw." na nukta, zikawa mbili. Wa tatu aliacha cheo wazi kwa watu asiowajua, ikabaki nukta ya kiolezo bila neno mbele yake. Ukiona nukta mbili au nukta iliyo yatima katika salamu, usihangaike kusahihisha barua moja moja. Nenda kwenye orodha.

Hivi ndivyo tulivyoisafisha. Vyeo vilikuwa safu ya B. Kwenye safu mpya ya C tuliondoa kwanza nukta zote pamoja na nafasi za ziada, na kufanya herufi ya kwanza tu iwe kubwa:

```
=PROPER(TRIM(SUBSTITUTE(B2,".","")))
```

Baada ya hapo "BW.", "bw" na "Bw. " zote zikawa "Bw". Tukaibandika safu hiyo kama maandishi ya kawaida, tukaichuja, na kwa macho tukageuza Mr kuwa Bw, Mrs na Miss kuwa Bi, Dr kuwa Dkt. Hatua hii hakuna fomula inayokufanyia, kwa sababu ni lazima mtu anayewajua wageni ajaze pia zile nafasi zilizoachwa wazi. Mwisho, kwenye safu nyingine, tukarudisha nukta, moja kwa kila cheo, na hata mwenye vyeo viwili akapata zake:

```
=IF(C2="","",SUBSTITUTE(C2," ",". ")&".")
```

"Mhe Dkt" ikawa "Mhe. Dkt." Kiolezo nacho tukakivua nukta yake kikabaki `Kwa «Cheo» «Jina»,` basi. Nukta ikae kwenye orodha, isikae kwenye kiolezo. Chuo kililipia karatasi mara mbili kwa kutolijua hilo.

Mimi huwashauri wateja waweke nukta, na sababu yangu iko kwenye barua yenyewe. Barua ya Kiswahili karibu kila mara ina S.L.P. kwenye anwani, pale juu kabisa, nayo watu wengi huiandika kwa nukta tatu. Jicho linashuka kutoka S.L.P. hadi kwenye salamu ndani ya sekunde moja. Ukitaka "Bw" isiyo na nukta, sawa, lakini uandike SLP pia, na "nk" badala ya "n.k.". Wengi wanaoniambia nukta zimepitwa na wakati hawajawahi kufika huko.

Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka.

"Bi. ni ya asiyeolewa." Sivyo. Bi. haiulizi habari ya ndoa hata kidogo, na hiyo ni raha yake. Ile tabia ya kuandika "Bi." kwa msichana na "Mrs" kwa mama, katika barua moja ya Kiswahili, ni kuleta swali ambalo lugha ilikuwa haikuuliza. Kuandika "Bibi" kwa kirefu nako kuwe kwa uangalifu, maana msomaji mmoja ataelewa mke na mwingine ataelewa nyanya.

"Daktari ni Dr, lugha yoyote." Katika matini ya Kiswahili ni Dkt. Wako majirani wa Tanzania wanaoandika Dk, na si kosa, ila mimi huikwepa kwenye ratiba kwa sababu "dk." hutumika pia kwa dakika, na ratiba imejaa dakika.

"Vyeo vikizidi, heshima huzidi." "Bw. Dkt. Kamau" si heshima zaidi. Dkt. imeshachukua nafasi ya Bw. Mhe. ndiyo hutangulia cheo cha kitaaluma bila shida, kwa sababu inataja wadhifa wa mtu katika uongozi, si usomi wake.

"Kifupisho kinaweza kusimama peke yake." Hapana, kinahitaji jina la kuegemea. "Mpendwa Bw.," ikifuatwa na mkato inasomeka kama barua iliyokatika. Kama hujui jina, andika kwa kirefu: "Kwa Bwana/Bibi,". Na jina likiwepo, lisiachane na cheo chake mwisho wa mstari. Kwenye Word bonyeza Ctrl+Shift+Space katikati yao badala ya nafasi ya kawaida, na "Bw." haitabaki juu huku Otieno akishuka chini.

Kuna moja inayoniuma zaidi ya hizi zote fupi, kwa kuwa haionekani kama kosa. Ni ratiba inayoandika "Bw. Otieno, Dkt. Kamau, Grace na Mary". Nikiuliza, naambiwa Grace na Mary ni watu wa ofisini, wamezoeleka. Otieno naye ni wa ofisini. Msemaji jukwaani atasoma kama ilivyoandikwa, na ukumbi mzima utasikia ni nani aliyepewa cheo na nani aliyenyimwa. Ama wote wanne wapewe, ama wote wanne waitwe kwa majina matupu.

Pia kuna suala la jina gani lifuate cheo. Ofisi nyingi za Nairobi hufuata desturi ya Kiingereza: cheo, kisha jina la mwisho. Kwa Otieno na Kamau inafaa. Lakini mgeni akiwa Fatuma Abdi, Abdi ni jina la babake. Ukimwandikia "Kwa Bi. Abdi," umemwamkia mwanamke kwa jina la mwanamume aliyemzaa, na huko Pwani na Kaskazini Mashariki hakuna anayemwita hivyo nyumbani kwake. Yeye ni Bi. Fatuma. Kwa orodha yenye majina ya kila aina, njia salama ni jina kamili kwa wote: "Kwa Bi. Fatuma Abdi," na "Kwa Bw. Peter Otieno,". Safu ya `«Jina»` ibebe majina yote mawili tangu mwanzo, na makarani waambiwe hivyo kabla ya kuanza kuandika.