Kwa nini alama ya ramani hukufikisha kwenye gati lisilo la boti yako?

"Nimefuata ramani hadi kwenye alama ya kivuko, nikaambiwa boti yangu inaondokea upande wa pili wa bandari. Ningejuaje mapema?"

Alama ya kivuko mara nyingi huwekwa juu ya jengo la abiria au ofisi ya tiketi, na boti inaweza kufunga mbali na hapo. Kwenye OpenStreetMap, kituo cha abiria huandikwa `amenity=ferry_terminal`, na njia ya majini huandikwa `route=ferry`, ikichorwa kwa mstari wa vipandevipande. Iache alama, ufuate mstari hadi unapogusa nchi kavu. Hapo ndipo penye uwezekano mkubwa wa kuwa gati, ingawa bado unahitaji kuhakikisha.

Chukua safari ya kutoka Athens kwenda kisiwa cha Rhodes. Mji huo unahudumiwa na bandari tatu: Piraeus, Rafina na Lavrio, kwa hiyo kwanza soma tiketi inataja ipi. Tuseme ni Piraeus. Humo milango imepewa namba, kuanzia E1 hadi E12, ikiizunguka bandari. E1 na E12 zinatazamana mdomoni mwa bandari, na machoni zinaonekana jirani kabisa. Lakini katikati ni maji: ukikosea, unaizunguka bandari nzima na mizigo yako. Meli za Rhodes kwa kawaida hutumia E1, ila namba huweza kubadilika, ndiyo maana jina la meli lina thamani kuliko mazoea.

Jina hilo litafute kwenye tovuti ya MarineTraffic, inayoonyesha vyombo vinavyorusha mawimbi ya AIS, mfumo wa redio ambao chombo hutangazia jina lake na mahali kilipo. Majina hufanana, kwa hiyo linganisha pia MMSI, namba ya utambulisho wa chombo yenye tarakimu 9. Meli kubwa iliyofungwa gatini huendelea kujitambulisha kila baada ya dakika 3, hivyo ikiwa bandarini utaona imelala wapi. Kisha pigia wakala simu, na swali liwe la leo: "Meli fulani, safari ya saa fulani, inapakilia mlango gani?" Ukiuliza tu meli za Rhodes huondokea wapi, utajibiwa kwa mazoea.

Mtoni hali ni nyingine. Boti nyingi ndogo hazina AIS, na gati lenyewe huhama. Maji yakipungua, fungu la mchanga hujitokeza na boti haiwezi tena kusogea ukingoni pa zamani, basi wenyeji huhamia penye kina. Picha ya setilaiti iliyopigwa wakati wa mafuriko itakuonyesha gati ambalo sasa ni tope kavu. Ukifika, tazama njia inayoteremka majini: penye nyayo na alama mbichi za magurudumu ndipo panapotumika. Kama njia imeota majani, uliza kabla ya kushusha mizigo.