Laana ya mshindi haina uhusiano na majuto

Kila mtu aliyenunua kitu mnadani kwa bei ya juu kisha akajuta huambiwa siku hizi kwamba amepatwa na laana ya mshindi. Wiki iliyopita nimelisikia tena neno hilo, safari hii likielezea mtu aliyeshindana na mwenzake kununua mchoro kwa sababu kila mmoja aliupenda. Hapo pana majuto, pengine hasira, lakini laana ya mshindi haipo.

Dhana hii ni ya minada ambayo kitu kinachouzwa kina thamani moja kwa washindani wote, ila hakuna anayeijua, na kila mmoja ana makadirio yake tu. Anayekadiria juu kuliko wenzake ndiye anayeshinda, na kwa hiyo mshindi ni yule aliyekosea zaidi kwa upande wa juu. Wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, waliieleza mwaka 1971, walipojaribu kufahamu kwa nini vitalu vilivyonunuliwa kwa ushindani katika Ghuba ya Meksiko vilileta faida ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Mafuta yaliyo chini ya kitalu ni yale yale, nani anunue. Kinachotofautiana ni makadirio. Mchoro unaopendwa si hivyo, kwa kuwa thamani yake kwako imo moyoni mwako, na mwenzako kutaja bei ndogo hakukuambii kwamba umekosea.

Nadhani neno lenyewe ndilo linalopotosha. Laana, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, kwetu humfika mtu kwa kinywa cha mzazi au kwa dhambi yake, nalo huja baada ya tendo. Hii haiji baada ya ushindi, na wala haihitaji mtu awe na pupa. Imo ndani ya namna mshindi anavyochaguliwa, na humpata hata mtulivu aliyefanya hesabu zake kwa uangalifu.

Tuchukue kitalu chenye thamani halisi ya dola milioni 100, na kampuni nne zinazoweka zabuni katika bahasha zilizofungwa, kila moja ikiweza kukosea kwa milioni 10 juu au chini, kiasi chochote katikati kikiwa na nafasi sawa. Kwa wastani makadirio yao yatapangika hivi: 94, 98, 102 na 106. Wastani wa hayo manne ni 100 kamili, kwa hiyo wataalamu wao hawana upendeleo wowote. Hata hivyo, kila kampuni ikiandika makadirio yake kama yalivyo, atakayeshinda ni mwenye 106, naye atapoteza milioni 6.

Mzabuni mwenye busara hajui kama makadirio yake ndiyo ya juu. Lakini anajua kwamba zabuni yake itakuwa na maana siku atakaposhinda tu, na akishinda dhidi ya wenzake wanaopiga hesabu kama yeye, basi yalikuwa ya juu. Kwa hiyo anajiuliza kabla ya kuifunga bahasha: ikiwa wengine wote wamekadiria chini yangu, kitalu hiki kina thamani gani? Jibu linamtaka apunguze milioni 6, na hapo bado hajapata faida. Kwa ajili ya faida hupunguza tena, katika mfano huu milioni 4, aandike 96.

Washindani wakiwa tisa, makadirio ya juu kabisa hufika 108 kwa wastani. Wengi hudhani kwamba ushindani ukiongezeka ni lazima bei ipandishwe, lakini sehemu ya punguzo inayohusu laana imepanda kutoka milioni 6 hadi 8, kwa kuwa kuwashinda wanane kunaonyesha kosa kubwa kuliko kuwashinda watatu. Kinachosogezwa na ushindani ni ile sehemu ya faida, inayoshuka kutoka milioni 4 hadi 2. Kwa mfano huu jumla inabaki milioni 10, ingawa sababu zake zimebadilika.

Pia kisima kimoja kikavu si ushahidi wa laana, maana hiyo yaweza kuwa bahati mbaya tu. Wala kumzidi mshindani wa pili kwa mamilioni si ushahidi, kwa sababu kipimo ni thamani iliyopatikana, si bei ya jirani. Laana huonekana pale ambapo ushindi mwingi, ukijumlishwa, unaleta chini ya ilivyotarajiwa, hali makadirio ya vitalu vyote, vilivyopatikana na vilivyokosekana, yalikuwa sahihi kwa wastani.

Kwa hiyo ndugu yetu wa mchoro aambiwe tu kwamba alilipa zaidi ya alivyopenda kulipa. Kama angeununua ili auuze tena, kwa bei ya soko ambayo yeye na mshindani wake wote walikuwa wakiikisia, hapo ningekubali neno hilo litumike.