Mapigo yako ya moyo yanaonwa na nani?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Mtwara alikuja kwenye dawati letu la kumbukumbu za wagonjwa akiwa amenuna. Alidhani hospitali imevujisha faili lake. Shuleni walikuwa wameanza kumpongeza kwa ujauzito, na ujauzito wenyewe hana.

Nilimwonyesha kwamba siku ile hata faili alikuwa hajafungua kwetu. Tukakaa na simu yake tutafute maneno yametokea wapi. Jibu tulilikuta kwenye saa janja iliyokuwa mkononi mwake.

Mwalimu yumo kwenye klabu ya joging. Jumamosi alfajiri wanakutana Nangwanda, wanakimbia kwenda Mikindani, wanarudi na daladala. Wote wanatumia programu moja ya mazoezi, na kila Jumapili jioni programu hiyo inawapa wanakikundi ripoti ya wiki: nani kakimbia kilomita ngapi na, chini kabisa kwa maandishi madogo, mapigo yake ya moyo akiwa amepumzika. Ya kwake kwa miezi yalikuwa 63 kwa dakika. Ndani ya wiki sita yakapanda hadi 76. Mwenzao mmoja, mama wa watoto watatu, alikumbuka kwamba mimba huyapandisha mapigo, akaipiga picha ripoti na kuituma kwenye kundi jingine la WhatsApp akiweka na kicheko. Kufika Jumatatu, ofisi ya walimu wote walikuwa na habari.

Yule mama hakukosea kuhusu mimba, huyapandisha kweli. Ila homa nayo huyapandisha, na kukosa usingizi, na kukaukiwa maji, na upungufu wa damu. Namba ile inakwambia kwamba kuna kitu kimebadilika mwilini, lakini kitu gani haikwambii. Isitoshe, mkanda wa saa ukilegea au saa ikicheza mkononi wakati wa kukimbia, inaweza kuandika namba ambayo moyo haukuipiga. Ndiyo maana kumbukumbu hii ni nyeti kuliko inavyoonekana: inatoa harufu ya siri bila kuitaja siri yenyewe, na watu wanamalizia wanavyotaka.

Turudi kwenye simu. Hospitalini faili lako hushikwa na watu wachache na wanajulikana. Mapigo yaliyopimwa na saa husafiri zaidi. Saa inayatuma bila waya kwenye programu yake iliyo kwenye simu, na programu hiyo, kwa saa nyingi, inayapeleka kwenye seva za kampuni, mara nyingi nje ya nchi. Hapo kampuni inaweza kuyaona kwa kadiri ya masharti uliyoyakubali siku ya kwanza. Kisha kuna programu za pembeni ulizozipa ruhusa ya kuyasoma, halafu watu wanaokufuata ndani ya programu hizo. Na juu ya wote hao yupo mwenye akaunti.

Kwa mwalimu wetu, mwenye akaunti hakuwa yeye. Saa aliinunua dukani mjini, na kijana wa duka, kwa wema kabisa, akamfungulia akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe kijana ili kazi iishe haraka. Kwa miezi saba mtu aliye nyuma ya kaunta angeweza kufungua simu yake na kuona mwalimu kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, moyo ulienda mbio saa ngapi ya usiku. Sina ushahidi kwamba aliwahi kutazama. Lakini nimeshakutana na jambo hili mara nyingi kiasi kwamba sasa swali langu la kwanza kwa kila anayenijia na saa janja ni: hii barua pepe ni ya nani?

Basi tulianzia hapo. Tukaweka barua pepe yake, tukabadili nenosiri, tukaondoa kwenye akaunti vifaa vyote asivyovitambua. Ukianza na mengine kabla ya hili, unafunga madirisha mlango ukiwa wazi.

Pili tukafungua Health Connect, sehemu ya simu za Android ambako programu za afya hupeana taarifa. Kwenye Android 14 na kuendelea imo ndani ya Settings. Ukiikosa, andika jina hilo kwenye kisanduku cha kutafutia. Ingia App permissions, gusa jina la programu, utaona kila aina ya taarifa ina swichi yake. Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Klabu inataka kujua umekimbia kiasi gani, kwa hiyo Steps na Distance tukaziacha. Heart rate na Resting heart rate tukazizima. Wengi wanadhani ni kutoa vyote au kujitoa kwenye klabu. Sivyo: unaweza kubaki unashindana kilomita na moyo wako ukabaki wako. Ni vivyo hivyo kazini kwako wakianzisha mashindano ya hatua: hatua zinatosha.

Lakini kuzima swichi kunazuia yajayo tu. Programu ikishasoma mapigo imeyanakili kwake, na kwa kawaida siku ya kwanza tu inaruhusiwa kusoma hadi siku 30 za nyuma. Kwa hiyo tukaingia kwenye programu ya mazoezi yenyewe, tukafuta mapigo yaliyokwisha kuhifadhiwa, na kwenye swali la nani aone tukachagua Only you. Na kuifuta programu kwenye simu hakufuti kilichoko kwenye seva. Omba kwanza data ifutwe, ndipo uiondoe programu.

Ile picha iliyotumwa WhatsApp, hiyo hatukuweza kuirudisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na ukidhulumiwa na taasisi inayozikusanya unaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa kampuni iliyo ng'ambo, ufuatiliaji ni safari ndefu. Kwa shoga yako wa joging, nionavyo mimi, dawa ni kutompa cha kupiga picha.

Nisieleweke kwamba mapigo yafichwe kila mtu. Nilipoona mstari ule unapanda wiki sita mfululizo nilimsihi mwalimu amwone daktari siku hiyo hiyo, na alikubali kwa sharti kwamba hatampa mtu simu yake. Nikamwambia sharti hilo ni zuri. Daktari hahitaji nenosiri lako wala kuunganishwa na akaunti yako. Mwalimu alifungua grafu ya mapigo ya mapumziko ya miezi miwili, tarehe zikionekana, akaishika simu mwenyewe. Daktari aliitazama kama dakika moja, akampima mapigo kwa mkono kuhakikisha saa haidanganyi, akaandika kwenye faili: "Mapigo ya mapumziko 63 hadi 76, wiki sita," akamtuma maabara kupima wingi wa damu. Majibu yalirudi mchana: damu imepungua.