Vikwazo vya Burundi 1996: tunapimaje kama vilifanikiwa?

Kila habari ya vikwazo ikitoka tunaulizwa maswali yaleyale, na mengi yanakuja na hukumu kabisa, eti vikwazo havimtoi mtu madarakani kwa hiyo ni kazi bure. Jamani, hicho sio kipimo! Kipimo ni masharti yaliyowekwa siku vikwazo vinatangazwa, hebu tuangalie Burundi.

Meja Pierre Buyoya alipindua serikali ya Burundi tarehe 25 Julai 1996, na tarehe 31 viongozi wa kanda wakakutana Arusha wakaifungia Burundi mipaka. Hawakumwambia aondoke. Walitaka mambo matatu: bunge lirudi, vyama viruhusiwe, na serikali ikae mezani na pande zote, hata wenye silaha. Sasa Burundi haina bahari, kahawa inatoka na mafuta yanaingia kupitia kwa majirani, kwa hiyo kibano kilikuwepo kweli. Septemba hiyohiyo bunge na vyama vikarudishwa, japo kwa vizuizi. Sharti la tatu ndio likawa gumu.

Utaratibu hapa watu wanauruka. Vikwazo hivi vilikuwa vya kanda, Baraza la Usalama liliunga mkono juhudi za kanda ila halikuzigeuza kuwa amri kwa dunia nzima, maana yake kila nchi inakamata mzigo kwenye mpaka wake na kutoa adhabu kwa sheria zake, na dawa au chakula cha msaada kinaombewa kibali kwanza. Mwenye mpaka akilegea, magendo yanapita. Na yalipita, mafuta yakapanda bei, mwenye gari na fedha akanufaika na biashara hiyo huku mkulima akikosa mbolea. Ndio maana Aprili 1997 chakula, dawa, pembejeo na vifaa vya shule vikaachiwa. Wanaosema kulegeza ni kushindwa wanatuchosha kidogo, kulegeza ni sehemu ya chombo chenyewe, ukibana tu bila kuachia chochote unayembana hana sababu ya kusogea.

Agosti 1997 serikali ya Buyoya ilisusia mazungumzo yaliyosuluhishwa na Mwalimu Nyerere, ikisema Tanzania imeegemea upande mmoja. Hilo lilikuwa tatizo la kweli, kwamba nchi ya msuluhishi ndiyo hiyohiyo imefunga mpaka. Juni 1998 serikali hiyo ikakaa mezani Arusha, na Januari 1999 vikwazo vikasimamishwa mazungumzo yakiendelea. Mwalimu alifariki Oktoba mwaka huo, Mandela akapokea, mkataba wa amani ukasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Kwa hiyo ukiniuliza, kwa sharti la bunge na vyama vilifanya kazi mapema, la kukaa mezani vilisaidia lakini sio peke yake, vita na uchumi uliochoka navyo vilisukuma. Kuzima bunduki hapana. Waasi wa CNDD-FDD na FNL hawakusaini Arusha, na vikwazo vya mpakani viliibana serikali, sio wao waliokuwa porini, CNDD-FDD walikuja kukubaliana na serikali 2003, kwa mazungumzo mengine kabisa.