Kamisheni ya anayekuletea wateja: andikeni tarehe kabla ya asilimia

Karakana nyingi za madirisha ya alumini Dar es Salaam hupata kazi kupitia watu. Fundi mwashi anayepandisha nyumba Kigamboni, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mchora ramani: hawa ndio wanaojua nani amefika linta na anatafuta bei ya madirisha. Makubaliano yao na karakana huwa ya mdomo, "ukileta mteja nakupa asilimia saba", na hapo kila upande unaondoka na picha yake kichwani.

Asilimia haigombanishi watu sana, maana ilishatamkwa. Ugomvi huja kwenye maswali mawili ambayo hayakutamkwa: mteja huyu alihesabika kuwa wa aliyemleta tangu lini, na kamisheni inadaiwa lini. Nachukulia hapa karakana ya alumini inayolipwa kwa mafungu mawili, asilimia 70 ya kianzio na asilimia 30 ya salio baada ya kufunga.

Mteja anasajiliwa, hatajwi tu

Kumpigia simu mwenye karakana na kusema "kuna mama mmoja pale Mbweni anajenga" si kuleta mteja. Mkubaliane kwamba mteja amesajiliwa pale mshirika, yaani anayeleta wateja, anapotuma ujumbe wa maandishi wenye vitu vinne: jina, namba ya simu, mahali nyumba ilipo, na kazi inayotakiwa. Cha tano hakiandikwi lakini ni sharti: mteja mwenyewe ameshaambiwa kwamba namba yake inapelekwa kwenu na mtampigia. Mteja anayeshtuka kupigiwa simu ni kazi iliyopotea, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni makosa pia kuzungusha namba za watu bila wao kujua.

Karakana nayo ijibu ndani ya siku moja ya kazi, kwa maandishi vilevile: "Amepokelewa, namba 041", au "Huyu tunaye tangu tarehe fulani, aliletwa na mwingine". Jibu la pili ndilo linalokwepwa kwa aibu, kisha linakuja kulipuka miezi mitatu baadaye wakati madirisha yameshafungwa na watu wawili wanadai kamisheni ya nyumba moja. Weka pia kwamba karakana ikinyamaza siku hiyo ikapita, mteja anahesabiwa kuwa wa aliyemtuma.

Daftari la Excel linatosha kabisa, ila lina mtego mmoja. Namba ileile huandikwa kwa kuanza na sifuri, au na +255, au kwa nafasi katikati, na Excel huitupa sifuri ya mwanzo ikidhani ni tarakimu ya kawaida. Ukitafuta huioni, ukadhani mteja ni mpya. Dawa ni kulinganisha tarakimu tisa za mwisho tu. Kama simu iko safu ya B, weka hii kwenye C2 kisha ivute chini:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)
```

Na kwenye D2, fomula ya kuonyesha kama namba hiyo ilishaingia juu yake:

```
=IF(COUNTIF(C$2:C2,C2)>1,"YUPO","MPYA")
```

Fomula ya kwanza huondoa nafasi tu, kwa hiyo anayeingiza namba asiweke vistari.

Namba ya simu peke yake haitoshi, kwa sababu nyumba ina watu zaidi ya mmoja. Mume ameletwa na fundi mwashi. Wiki mbili baadaye mke anaona kibao cha karakana barabarani, anapiga kwa namba yake na kuomba bei. Ni nyumba ileile. Ndiyo maana kwenye makubaliano napendelea kuandika kwamba kinachosajiliwa ni nyumba, si mtu. Yeyote wa nyumba hiyo akija kwa mlango wowote, kamisheni inabaki kwa aliyeisajili kwanza. Jirani aliyeyapenda madirisha akaja mwenyewe hahesabiwi kuwa wa mtu yeyote, na hilo nalo liandikwe, maana mafundi wengi huamini wana haki na mtaa mzima.

Usajili unakufa lini

Siku 90 ndizo watu huandika bila kufikiri, na kwa kazi ya ujenzi wa kwetu ni chache mno. Mtu anapimiwa akiwa linta, anachukua bei, kisha ujenzi unasimama hadi apate pesa ya bati na plasta. Oda inakuja mwezi wa saba tangu apimiwe. Kwa siku 90 mshirika amepoteza haki yake bila kosa lolote, na wateja wanaofuata atawapeleka kwingine.

Siku 180 zinaendana zaidi na mwendo wa ujenzi. Mruhusu kuongezwa mara moja kwa siku nyingine 90, ikiwa mshirika ataomba kabla hazijaisha na kueleza nyumba imefika wapi: bati limepanda, plasta inaendelea. Hapo unapata na habari ya kweli ya lini upige simu, ambayo kwa karakana ina thamani kuliko jina lenyewe.

Asilimia ya kitu gani

Tuchukue nyumba ya madirisha 12. Mteja amepewa bei ya shilingi 7,080,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ukiitoa kodi inabaki 6,000,000. Ndani yake kuna 200,000 ya gari, ambayo inapita tu mikononi mwako kwenda kwa mwenye gari. Msingi wa kamisheni ni 5,800,000, na asilimia 7 yake ni 406,000.

Mshirika aliyezoea kupiga hesabu juu ya bei aliyoisikia atategemea 495,600. Tofauti hiyo ya karibu elfu tisini ndiyo inayomfanya aseme ametapeliwa. Mwonyeshe hesabu ya mfano siku ya kukubaliana, kwenye karatasi ileile mnayosaini, kabla hajaleta mtu hata mmoja.

Mwenye karakana naye aangalie upande wake. Kama katika ile milioni sita faida kabla ya gharama za uendeshaji ni asilimia 25, yaani 1,500,000, basi 406,000 ni zaidi ya robo ya faida. Saba inasikika ndogo ikitamkwa haraka. Msingi uwe bei ya mwisho baada ya punguzo, ili mshirika anayekusukuma umpunguzie mteja wake abebe kipande chake.

Halafu kuna cha juu. Mshirika anachukua bei yako ya 7,080,000, anamwambia mteja ni 7,800,000, anategemea kubeba tofauti pamoja na kamisheni. Mteja akigundua, anayeonekana mwizi ni karakana. Kinga yake ni kwamba proforma inatoka kwa karakana moja kwa moja kwenda kwenye simu ya mteja, na pesa yote inalipwa kwenye akaunti ya karakana.

Tena, kama anayekuletea kazi ameajiriwa na mnunuzi, mathalani msimamizi wa ujenzi au ofisa manunuzi wa kampuni, mwajiri wake lazima ajue na akubali kwa maandishi. Kumlipa kwa siri kunaweza kuwaingiza wote wawili kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo haiishii kwa watumishi wa umma.

Inadaiwa lini

Kuna njia mbili rahisi na zote mbaya. Kulipa kamisheni yote kianzio kikiingia kunaiacha karakana imelipia pesa ambayo haijaipata. Kulipa yote salio likiisha kunamfanya mshirika asubiri ugomvi wa mteja na karakana juu ya dirisha linalovuja, ugomvi ambao yeye hahusiki nao.

Inayokaa vizuri ni kamisheni kufuata pesa. Kila shilingi inayoingia inabeba kipande chake: gawa 406,000 kwa 7,080,000, unapata kama senti 5.7 kwa kila shilingi iliyopokelewa. Kianzio cha 4,956,000 kinazaa 284,200. Salio la 2,124,000 linazaa 121,800.

Lakini kuzaliwa kwa haki na siku ya kulipwa ni mambo mawili. Kianzio kikiingia, mteja bado anaweza kubadili mawazo na kuomba arudishiwe. Mpaka wa kweli ni siku profaili za alumini zinapokatwa kwa vipimo vya nyumba yake, kwa sababu baada ya hapo hazirudi dukani na kianzio hakirudi pia. Kwa hiyo fungu la kwanza lidaiwe ndani ya siku 7 baada ya kukata kuanza, na fungu la pili ndani ya siku 7 baada ya salio kupokelewa. Karakana itume ujumbe mfupi siku ya kukata, vinginevyo mshirika hana namna ya kujua siku zimeanza kuhesabika.

Sasa mteja anazuia 300,000 kwa sababu madirisha mawili yanaingiza maji, silikoni haikujazwa vizuri. Kwa kanuni ya kufuata pesa, kipande cha mshirika cha 17,203 kinasubiri. Ni sawa kwa muda, si milele. Weka kikomo: kasoro ikiwa ya karakana na siku 30 zikapita tangu kufunga, kipande hicho kinalipwa hata kama mteja hajamaliza. Sababu ikiwa ni mteja kukosa pesa, kinasubiri pesa.

Mteja akiongeza mlango wa kuteleza wa 1,000,000 kabla ya kodi, wakati kazi inaendelea kwenye nyumba ileile, mshirika anapata 70,000 zaidi. Na ikitokea pesa imerudishwa baada ya kamisheni kulipwa, ikatwe kwenye kamisheni zijazo, usimfuate fundi mlangoni kumdai taslimu. Hatakuwa nayo, na utampoteza.

Kwenye malipo yenyewe, Tanzania malipo ya huduma kwa mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, nayo ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Fungu la kwanza la 284,200 linamfikia mshirika 269,990, la pili la 121,800 linamfikia 115,710. Mpe cheti cha zuio, maana hizo 20,300 zinahesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka. Andikeni kama asilimia 7 ni kabla ya makato hayo. Usipoandika, atasema mlikubaliana asilimia 7 inayomfika mkononi.

Kila tarehe 5 mtumie kila mshirika orodha yake: namba ya mteja, hatua iliyofikia (amepimwa, ana bei, kianzio, imekatwa, imefungwa, salio), kilicholipwa na kinachosubiri. Ana siku 14 za kupinga mstari wowote. Mteja aliyekataa bei naye abaki kwenye orodha pamoja na sababu yake, kwa kuwa fundi akiona jina limetoweka anadhani mmemfungia kimyakimya.