Sehemu ya x² sin(1/x) juu ya sin x: pale kanuni ya vinyambuo inaponyamaza

Sehemu yenyewe ni hii, na swali ni inakaribia namba gani x inapokaribia 0:

```
x² sin(1/x) / sin x
```

Kiasi kinakwenda 0, asili nayo inakwenda 0. Aliyezoea kanuni ya L'Hôpital hangoji kuambiwa: ananyambua juu, ananyambua chini, anagawanya. (Kanuni hiyo ilichapwa Paris mwaka 1696 kwa jina la Mfaransa huyo, ingawa aliyeigundua ni Mswisi Johann Bernoulli.) Anapata hivi:

```
(2x sin(1/x) − cos(1/x)) / cos x
```

Hapo ndipo makosa yanapoanza.

Dhana: Sehemu ya vinyambuo haina kikomo, kwa hiyo hata sehemu ya mwanzo haina.

Nusu ya kwanza ni kweli. Asili, cos x, inakwenda 1, na 2x sin(1/x) inafifia hadi 0. Inayosumbua ni cos(1/x), ambayo haitulii. Weka x = 1/(10π), karibu 0.0318, upate takribani −1. Sogea kidogo hadi x = 1/(11π), karibu 0.0289, upate takribani 1. Kadiri unavyoikaribia 0 ndivyo kupanda na kushuka huko kunavyozidi kusongamana, na hakuishi.

Nusu ya pili ndiyo potofu. Kanuni inasema: sehemu ya vinyambuo *ikiwa* na kikomo, basi sehemu ya mwanzo inacho kikomo hichohicho. Haisemi lolote kuhusu hali ya kukosa kikomo. Kwa hiyo kuandika "haina kikomo" ni kuisingizia kanuni neno ambalo haikulisema.

Jibu linapatikana kwa kuipanga sehemu upya tu:

```
(x / sin x) · x sin(1/x)
```

Kipande cha kwanza kinakwenda 1. Cha pili kimebanwa, kwa sababu sin(1/x) haivuki 1 wala haishuki chini ya −1, hivyo x sin(1/x) imekaa kati ya −|x| na |x|, na kuta hizo mbili zinakutana kwenye 0. Kikomo ni 0. Hata pale sin(1/x) inapofika 1, kwa mfano x = 2/(21π), sehemu nzima ni karibu 0.0303 tu.

Dhana: Tunyambue mara ya pili, pengine itatulia.

Hairuhusiwi, kwa kuwa asili sasa inakwenda 1 na si 0. Na hata ukilazimisha, kiasi kipya kina (1/x²) sin(1/x) ndani yake, kitu kinachoyumba huku kikikua bila mpaka.

Dhana: Tatizo ni kwamba x² sin(1/x) haina kinyambuo kwenye 0.

Inacho. Tukijaza pengo kwa kuipa thamani 0 pale x = 0, kinyambuo cha hapo, kwa maana yake ya asili, ni kikomo cha x² sin(1/x) ÷ x, yaani x sin(1/x), ambacho ni 0. Kinyambuo cha sin x kwenye 0 ni 1. Gawanya 0 kwa 1, jibu sahihi hilo hapo! Kilichokosekana ni kikomo cha vinyambuo vya pointi za jirani, na hicho si kitu kimoja na kinyambuo cha pointi yenyewe. Tofauti hii ndiyo ningependa kila mwanafunzi aishike, maana wengi huvichanganya.

Dhana: Basi kanuni imekosea.

Haikukosea, na inapendeza kuona kwa nini. Uthibitisho wake unasimama juu ya nadharia ya Cauchy: kwa kila x iliyo karibu na 0, kuna c fulani kati ya 0 na x ambayo kwake sehemu ya vinyambuo inalingana kabisa na sehemu ya mwanzo kwenye x. Lakini c hatuichagui sisi. Chukua tena x = 1/(10π). Hapo sin(1/x) = 0, hivyo sehemu ya mwanzo ni 0, na lazima iwepo c ambayo kwake 2c sin(1/c) = cos(1/c). Mojawapo ni c karibu 0.0304, katikati ya zile pointi mbili zilizotupa −1 na 1. Kila x inapopungua, nadharia inaokota c mahali ambapo cos(1/c) ni ndogo mno, na vilele vyote vya 1 na −1 vinarukwa. Kanuni inadai pointi zote za jirani zikubaliane, ilhali sehemu ya mwanzo inazihitaji hizo chache tu.